Adire: Nakshi za Mahali Nili Isipofika

Adire ni nguo ya pamba ya Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nijeria. Hutiwa rangi ya nili baada ya sehemu zake nyingine kufungwa, kushonwa au kupakwa uji wa muhogo ili rangi isizifikie. Kila jani, mjusi au nguzo inayoonekana kwenye nguo hiyo ni mahali ambapo rangi ilizuiwa. Fundi wake hufanya kazi kinyumenyume: anapopaka ndipo patakapobaki peupe, na anapopaacha ndipo patakapokuwa buluu. Miji iliyovuma kwa kazi hii ni Abeokuta, Ibadan na Osogbo, na kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa wanawake, kuanzia chungu cha rangi hadi meza ya sokoni.

Pwani ya Afrika Mashariki iliijua nili hasa kupitia kaniki, nguo ya buluu iliyokolea ambayo majahazi yaliileta kutoka Bara Hindi. Kaniki ilifika ikiwa imekwisha kutiwa rangi, na haikuwa na nakshi. Katika nchi ya Wayoruba rangi ilitengenezwa uani, kwa majani ya msitu wa jirani na majivu ya kuni za jikoni, na ugumu wa kuitengeneza ndio unaoeleza mengi kuhusu nguo yenyewe.

Mmea wanaoutumia unaitwa elu. Ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti, tofauti na kichaka kifupi cha nili ambacho Wahausa wa kaskazini hukilima mashambani. Wahausa hutia rangi katika mashimo yaliyochimbwa ardhini, kama yale maarufu ya mji wa Kano, na huko kazi hiyo ni ya wanaume. Wayoruba hutumia vyungu vikubwa vya udongo. Majani machanga ya elu huchumwa na kutwangwa kinuni yakiwa mabichi mpaka yawe rojo jeusi, kisha hufinyangwa madonge na kuanikwa juani. Madonge yaliyokauka hukaa muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo huweza kusafirishwa na kuuzwa sokoni, na mwenye chungu si lazima awe jirani wa msitu.

Ndani ya jani bichi hakuna rangi ya buluu. Kuna kemikali isiyo na rangi ambayo huvunjika jani linapopondwa, na ikishakutana na hewa hugeuka nili. Shida ni kwamba nili ikishazaliwa haiyeyuki katika maji. Mtu akiisaga na kuikoroga ndani ya ndoo, kisha akatumbukiza kitambaa, atapata kitambaa kilichopakazwa vumbi la buluu ambalo litatoka kwa kusuuzwa mara moja. Ili nili iingie ndani ya uzi, lazima kwanza ipotezwe rangi yake: igeuzwe kuwa umbo jingine linaloyeyuka, lenye rangi ya manjano ya kijani, kisha irudishwe kuwa buluu ikiwa tayari imo ndani ya pamba. Mageuzi haya yanahitaji mambo mawili, yaani maji yenye alikali na chungu kisicho na oksijeni ndani.

Alikali hutoka katika majivu. Mtia rangi, ambaye Wayoruba humwita alaro, hupanga vyungu viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kimetobolewa kitakoni na hujazwa majivu. Maji humiminwa juu yake na kuchuruzika taratibu hadi chungu cha chini, yakiwa yamechukua chumvi za majivu. Maji yanayopatikana yana rangi ya chai na huteleza kati ya vidole kama maji ya sabuni. Si kila jivu linafaa. Kuni za miti fulani hutoa maji makali kuliko nyingine, na maganda ya kakao yaliyochomwa yalitumika sana katika maeneo ya mashamba ya zao hilo. Fundi huamua kwa vidole na kwa ncha ya ulimi kama maji yamefikia ukali anaoutaka. Yakiwa hafifu, humiminwa upya juu ya majivu mengine.

Maji hayo hutiwa katika chungu cha rangi pamoja na madonge ya elu yaliyovunjwavunjwa, kisha hufunikwa na kuachwa yachachuke kwa siku kadhaa. Wakati huo bakteria waliomo katika mabaki ya majani hula, huongezeka na kuimaliza oksijeni iliyomo majini, na nili hugeuka kuwa lile umbo linaloyeyuka. Chungu kilichoiva hujulikana kwa macho na kwa pua. Maji ya ndani huwa na rangi ya manjano ya kijani, juu yake hutanda utando unaong'aa kama shaba pamoja na povu la buluu, na harufu yake ni kali ya uvundo ambayo majirani wote huijua. Maji yakiwa ya buluu chini ya utando, chungu hakijaiva au kimekufa.

Vyungu hufa kwa sababu nyingi, na hapa ndipo uzoefu wa alaro hupimwa. Akikoroga kwa nguvu huingiza hewa, na nili hurudi kuwa isiyoyeyuka. Maji ya majivu yakizidi ukali, bakteria hufa na uchachukaji hukoma. Yakipungua ukali, chungu huoza, harufu hubadilika na rangi haishiki. Siku za baridi kazi huenda polepole. Kwa fundi ambaye hawezi kuona bakteria, chungu kilichokataa bila sababu ya wazi kilihitaji maelezo mengine, na Wayoruba waliyapata kwa Iya Mapo, orisha anayelinda kazi za wanawake, utiaji rangi na ufinyanzi zikiwamo. Alipewa sadaka ili vyungu viive. Mtu aliyewahi kuhangaika na chungu kama hicho hataona ajabu.

Kitambaa huloweshwa kwanza, hukamuliwa, kisha huzamishwa taratibu bila kurusha mapovu. Kikitolewa huwa cha manjano ya kijani; hewa inapokigusa hugeuka kijani kibichi, halafu buluu, mbele ya macho ya mtazamaji. Mzamo mmoja hutoa buluu ya mbingu. Buluu nzito inayokaribia weusi huhitaji kuzamisha na kuanika tena na tena, kwa sababu kila mzamo huongeza tabaka jipya la nili juu ya lililotangulia. Ukolevu wa rangi kwa hiyo ulikuwa hesabu iliyo wazi kwa kila anayetazama: nguo nyeusi zaidi ilikuwa imekula majani mengi zaidi, majivu mengi zaidi na siku nyingi zaidi. Mwanamke aliyevaa nguo ya nili iliyokolea sana, iliyopigwapigwa kwa rungu la mti mpaka ikang'aa, hakuhitaji kumwambia mtu bei yake.

Kuna jambo jingine kuhusu chungu hiki ambalo huamua sura ya nakshi: hakipashwi moto. Rangi nyingi za mimea huhitaji kuchemshwa pamoja na kitambaa, na katika maji yanayochemka uji wa muhogo ungeyeyuka na nta ingetiririka. Nili hushika katika maji ya kawaida, na ndiyo maana mbinu za kukinga kitambaa zimestawi pamoja nayo katika nchi nyingi.

Wayoruba wana njia tatu za kukinga. Ya kwanza ni kufunga. Fundi hubana sehemu ya kitambaa, mara nyingi akiweka kijiwe au mbegu ndani yake, na kuizungushia kwa nguvu nyuzi za majani ya mwale, mti wa jamii ya michikichi. Nyuzi zikifunguliwa baada ya rangi, hubaki duara jeupe lenye kingo zilizofifia. Aina hii huitwa adire oniko, na ruwaza yake inayojulikana sana, osubamba, ina mwezi mkubwa uliozungukwa na madoa mengi madogo. Njia ya pili ni kushona: kitambaa hukunjwa, hushonwa kwa sindano na uzi huvutwa mpaka mikunjo ibanane. Hiyo ni adire alabere, na hutoa mistari myembamba yenye vidoti. Hatari iko mwishoni, kwa sababu uzi hutatuliwa kwa wembe na mkono ukiteleza kazi yote hutoboka.

Hizo mbili ni za zamani. Zilitumika kwa vitambaa vizito vilivyofumwa nyumbani, na nguo iliyochakaa au kupauka iliweza kurudishwa kwenye chungu ikapata maisha mapya. Njia ya tatu ilihitaji kitambaa laini, chembamba na chenye uso ulio sawasawa, na kitambaa hicho kilitoka viwanda vya Manchester. Reli kutoka Lagos ilipofika Ibadan mwaka 1901, ikipitia Abeokuta, shiti nyeupe za Kiingereza zilijaa katika masoko ya bara. Wanawake wa Kiyoruba hawakuzivaa zikiwa nyeupe. Walizichukua kama karatasi tupu, wakazichora, wakazitia rangi na kuziuza upya kwa bei kubwa kuliko waliyonunulia. Hivyo bidhaa iliyodhaniwa ingeua kazi za mikono iliifungulia kazi hii ukurasa mpya, ingawa wafumaji wa vitambaa vya nyumbani hawakuwa na cha kushangilia.

Njia hiyo ya tatu ni adire eleko. Kinga yake ni uji uliopikwa kwa unga wa muhogo, ukatiwa shabu na mrututu kidogo, ukachujwa ili usiwe na madonge. Madini hayo mawili huufanya uji ushike vizuri zaidi kitambaani na usiharibike upesi. Mchoraji hukaa mbele ya ubao au meza, akatandaza kitambaa, na kupaka uji kwa unyoya wa kuku, akibadilisha ncha nene na nyembamba kulingana na mstari anaoutaka. Kwa mistari mipana hutumia kijiti cha ukuti. Hachori kwanza kwa penseli. Hugawa kitambaa kwa mistari ya miraba, kisha hujaza mraba mmoja baada ya mwingine kwa kukumbuka. Uji hupakwa upande mmoja tu. Ukikauka, kitambaa hupelekwa kwa alaro, ambaye mara nyingi ni mtu mwingine kabisa. Mwenye kitambaa na mchoro, aladire, humlipa ujira wa kutia rangi. Mgawanyo huu wa kazi una maana, kwa sababu mchoro mzuri unaweza kuharibiwa na chungu kibaya, na lawama huwa na pa kwenda.

Kitambaa cha eleko hakiwezi kuachwa ndani ya chungu kwa muda mrefu. Uji hulainika, kwa hiyo huzamishwa kwa muda mfupi, huanikwa ukauke tena, kisha huzamishwa upya. Hata hivyo rangi kidogo hupenya, hasa kutoka upande wa nyuma ambao haukupakwa. Ndiyo sababu michoro ya eleko ya zamani haiwi myeupe kabisa. Huwa ya buluu iliyopauka juu ya buluu iliyokolea. Mwisho wa kazi uji uliokauka hukwanguliwa, nguo husuuzwa na kuanikwa.

Mfano mzuri wa kile ambacho unyoya unaweza kusema ni ruwaza iitwayo Ibadandun, jina linalosifu utamu wa mji wa Ibadan. Nguo kamili ya kujifunga hutokana na vipande viwili vya shiti vilivyochorwa kila kimoja peke yake, kisha vikaunganishwa kwa kushonwa ubavuni. Kila kipande kimegawanywa miraba, na kila mraba una kitu chake: majani, wanyama, vyombo vya nyumbani, au vijistari vya kujaza nafasi. Mraba unaoipa ruwaza hiyo utambulisho wake una nguzo zilizosimama kwa safu, na kati ya nguzo na nguzo kuna vijiko. Nguzo hizo ni za Mapo Hall, jengo kubwa la utawala lililosimama juu ya kilima cha Mapo katikati ya Ibadan na kukamilika mwaka 1929.

Mapo Hall lilijengwa kwa mtindo wa Kizungu, na nguzo zake nene zilikusudiwa kuonyesha uzito wa serikali ya kikoloni na wenyeji waliotawala chini yake. Mchoraji alichukua nguzo hizo na kupanga vijiko katikati yake. Vijiko vilikuwa bidhaa mpya za dukani, dalili ya nyumba iliyopata fedha, na Ibadan ya wakati ule ilikuwa na fedha za kakao. Haihitajiki kudhani kwamba kulikuwa na fumbo la kisiasa. Umbo la kijiko na umbo la nguzo yote mawili ni mistari mirefu iliyosimama, yanapatana vizuri katika mraba mmoja, na kwa mchoraji hilo peke yake laweza kuwa sababu ya kutosha. Lakini matokeo ni kwamba ofisi ya serikali na kabati la jikoni vilikaa safu moja juu ya nguo ya mwanamke, na nguo hiyo ikawa tangazo la fahari ya mji. Aliyeivaa akiwa Lagos alijulikana anausifu mji gani.

Ruwaza nyingine zilikuwa na majina yaliyojulikana vilevile. Olokun imepewa jina la orisha wa bahari na utajiri, na miraba yake imejaa viumbe na majani. Sunbebe inarejelea shanga za kiunoni. Muhimu ni kuelewa majina hayo yalifanya kazi gani. Wageni wengi wameandika kana kwamba kila alama ya adire ni herufi na nguo nzima ni barua inayoweza kusomwa. Hilo ni kuzidisha. Jina lilikuwa la ruwaza nzima, lilimsaidia mnunuzi kuagiza na mchoraji kukumbuka mpangilio wa miraba. Mchoraji mwingine aliweza kubadilisha mjusi kuwa kinyonga bila jina kubadilika. Mnunuzi aliisoma nguo kwa namna nyingine: alitambua ruwaza, akaangalia kama mistari ni myembamba na imekwenda sawa, akapima ukolevu wa rangi, na mara nyingi aliweza kukisia imetoka mji gani.

Ibadan ilisifika kwa unyoya, na Abeokuta ilijulikana zaidi kwa bati. Bati hilo ni kipande cha madini, mwanzoni kilichotolewa kwenye bitana za masanduku ya bidhaa zilizoletwa kwa meli, ambacho kimekatwa nakshi kwa patasi. Huwekwa juu ya kitambaa na uji husukumwa kwenye matundu yake kwa kipande cha chuma bapa. Mabati yalikatwa na wanaume, na mara nyingi ni wanaume waliopaka uji kwa njia hii. Kazi ilikwenda haraka mara nyingi zaidi kuliko ya unyoya, na picha zilirudiwa bila kubadilika. Ruwaza maarufu ya bati ilitokea mwaka 1935, wakati Mfalme George wa Tano wa Uingereza alipotimiza miaka 25 katika kiti cha enzi. Picha za mfalme na malkia, zilizonakiliwa kutoka katika vitu vya ukumbusho vya sherehe hiyo, zilikatwa kwenye bati na kuwekwa ndani ya duara katikati ya nguo. Iliendelea kuchapwa kwa miaka mingi baadaye, na kwa kuwa kila bati jipya lilinakiliwa kutoka bati la zamani, sura za wafalme zilizidi kufanana na vinyago vya Kiyoruba.

Adire haikumkataza mtu yeyote kuivaa. Mwenye fedha alinunua. Ilikuwa hasa nguo ya kila siku, chini ya aso oke, kitambaa kizito kilichofumwa kwa ajili ya harusi na sherehe, na tofauti kati ya mvaaji na mvaaji ilikuwa ya ubora. Jambo hili huonekana wazi zaidi likilinganishwa na nguo nyingine za nili za ukanda huohuo ambazo zilifungwa kwa sheria.

Kusini-mashariki mwa Nijeria, katika bonde la Mto Cross na Kameruni jirani, kuna chama cha siri cha wanaume kiitwacho Ekpe, kilichopewa jina la chui. Nguo yake ni ukara. Huagizwa kwa mafundi wa Ezillo, katika nchi ya Waigbo, ambao hushona alama juu ya pamba nyeupe kwa nyuzi za mwale, kisha nguo hutiwa nili na nyuzi huondolewa. Alama nyingi ni za nsibidi, mfumo wa ishara ambao wanachama hufundishwa kadiri wanavyopanda vyeo. Hapa maneno kuhusu kusoma nguo yana ukweli, ila msomaji lazima awe ameingizwa chamani. Mtu wa nje anaona chui, mamba na mraba mweusi na mweupe. Mwanachama anaona cheo na maneno asiyoruhusiwa kuyatamka. Asiye mwanachama haivai.

Juu ya nyanda za Kameruni, Wabamileke wana ndop, ambayo ukubwa wake na safari yake vyote viliifanya iwe mali ya wafalme na wakuu. Vitambaa vyembamba vilivyofumwa kwa mkono viliunganishwa kuwa nguo pana, vikashonwa nakshi kwa nyuzi za mwale, vikapelekwa mbali kaskazini hadi Garoua kwenye mashimo ya nili, kisha vikarudishwa nyumbani kutatuliwa. Hutandazwa katika mazishi na sherehe za ikulu, ikionyesha eneo takatifu lilipo na nani ana haki ya kukaa mbele yake. Mbinu ni ileile ya sindano na nyuzi ambayo mwanamke wa Abeokuta aliitumia kwa alabere. Tofauti imetokana na nani aliyeruhusiwa kuagiza.

Kwa kuwa adire ilitegemea soko, soko liliiyumbisha. Katika miaka ya 1920 wafanyabiashara kutoka nchi nyingine za Afrika Magharibi walikuja Abeokuta kununua, na wanawake wengi waliingia katika kazi hiyo. Wakati huohuo maduka ya kampuni za Ulaya yalileta vitu viwili vilivyofupisha kazi. Kimoja kilikuwa nili ya kiwandani, ambayo kampuni ya Kijerumani BASF ilianza kuiuza mwaka 1897. Kingine kilikuwa soda kali, ile inayotumika kutengenezea sabuni. Soda ilichukua nafasi ya majivu. Alaro hakuhitaji tena kukusanya kuni, kuchoma, kuchuja na kungoja; kijiko cha soda kilimpa alikali kwa dakika chache.

Lakini majivu yana uvumilivu ambao soda haina. Maji ya majivu ni vigumu kuyafanya makali kupita kiasi, ilhali soda ikizidi kidogo tu huchoma mikono, huua bakteria wa chungu na hulainisha uji wa muhogo mpaka mistari ya mchoro ifumuke. Nguo isiyosuuzwa vizuri hubaki na soda ndani yake. Wanunuzi walianza kulalamika kwamba adire ya Abeokuta inapauka na kuchanika mapema. Uchumi wa dunia ulipoporomoka baada ya 1929 na bei ya kakao ikaanguka, nguo zilibaki bila kununuliwa, na soda ikapata lawama zote. Mfalme wa Abeokuta, Alake Ademola wa Pili, alipiga marufuku matumizi yake. Watia rangi walipinga, na mwaka 1936 mgogoro ulifikia hatua ya serikali kufanya uchunguzi rasmi.

Kila upande ulikuwa na hoja. Ni kweli kwamba chungu cha soda mikononi mwa mtu asiyejua kipimo kilitoa nguo mbovu. Ni kweli pia kwamba mnunuzi ambaye mazao yake hayana bei hanunui nguo, hata iwe imetiwa rangi kwa majivu bora kuliko yote. Kwa alaro, ambaye alilipwa kwa kila kipande na ujira ulikuwa ukishuka, kurudi kwenye majivu kulimaanisha kufanya kazi ya siku nyingi kwa malipo yaleyale. Marufuku ilimgusa yeye zaidi kuliko aladire mwenye mtaji, na si ajabu kwamba upinzani ulitoka vyunguni. Soda haikuondoka. Mafundi walijifunza vipimo vyake, na vyungu vingi leo vinaitumia pamoja na hidrosulfaiti ya sodiamu, unga unaoondoa oksijeni majini na kufanya kazi ya bakteria kwa muda mfupi.

Baada ya uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960, eleko ilipoteza nafasi yake kwa nguo ya rangi nyingi iliyokingwa kwa nta au kwa kufungwa, aina ambayo Afrika Mashariki huijua kama batiki. Nijeria iliiita kampala, na jina hilo huhusishwa na mazungumzo ya amani ya vita vya Biafra yaliyofanyika katika mji mkuu wa Uganda mwaka 1968. Rangi zake za kisasa hazihitaji chungu kinachonuka, na vijana waliipenda. Wachoraji wa unyoya walipungua sana. Kati ya walioendelea kufundisha njia ya zamani, anayejulikana zaidi ni Nike Davies-Okundaye, aliyezaliwa mwaka 1951 na kukulia katika kazi za nguo, ambaye kituo chake cha Osogbo kimefundisha vijana wengi bila kuwatoza ada. Kupitia kwake unyoya wa kuku uliingia katika kumbi za sanaa, na baadhi ya michoro ya eleko sasa hutundikwa ukutani badala ya kuvaliwa.

Soko la Itoku mjini Abeokuta bado linauza adire, lakini ushindani wake mkubwa leo ni vitambaa vya kiwandani kutoka Uchina vilivyochapwa picha za adire. Kuvitofautisha si kazi ngumu kwa anayejua nguo ilivyotengenezwa. Kitambaa kilichochapwa huwa kimepauka upande wa nyuma, kwa sababu rangi iliwekwa juu tu; adire ilizamishwa nzima, na upande wa nyuma wa eleko, ambao haukupakwa uji, huwa na buluu nyingi kuliko wa mbele. Kitambaa cha mashine hurudia mraba uleule bila tofauti yoyote, hata kasoro zake zikirudiwa kwa umbali uleule, ilhali mkono haupaki mistari miwili iliyofanana. Katika eleko ya kweli kingo za mchoro zina mipasuko midogo ambamo rangi ilipenya uji ulipokauka. Na nili ya kweli, hata ikiwa imesuuzwa vizuri, huacha alama ya buluu kwenye kitambaa cheupe chenye unyevu kikisuguliwa juu yake kwa nguvu, jambo ambalo wauzaji wa Itoku huwaonya wateja wao mapema ili wasiivae mpya pamoja na shati jeupe.